Umepokea Wito wa Mahakama: Tarehe Mbili za Kuzingatia

Mtu anayedaiwa anapopelekewa wito, au samansi kama wengi tunavyouita, kwa kawaida hutafuta kwanza tarehe ya kufika mahakamani. Tarehe hiyo huonekana wazi. Katika mashauri ya madai yanayofunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi nchini Tanzania, ipo tarehe nyingine ambayo mara nyingi haikuandikwa popote, nayo huja mapema zaidi. Hiyo ni siku ya mwisho ya kuwasilisha utetezi wa maandishi.

Wito unaomtaka mdaiwa awasilishe utetezi humpa siku 21, zinazohesabiwa tangu alipokabidhiwa wito na si tangu ulipoandikwa. Kwa sababu hiyo, unapotia saini nakala ya mpeleka wito, andika tarehe halisi ya kuupokea, nawe ubaki na nakala yako. Kukataa kuupokea hakumwokoi mtu, kwani wito unaweza kubandikwa mlangoni pake na mahakama ikaridhika kuwa umemfikia.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara amepokea wito Jumatatu, tarehe 3 Machi. Juu pameandikwa jina la mahakama na namba ya shauri. Anayefungua shauri, yaani mdai, ni taasisi iliyomkopesha. Yeye ni mdaiwa. Wito unasema shauri litatajwa tarehe 10 Aprili, saa 3:00 asubuhi. Umeambatanishwa na hati ya madai inayosema anadaiwa shilingi 38,000,000.

Siku ya kupokea haihesabiwi. Hesabu inaanza tarehe 4 Machi, na siku ya 21 ni tarehe 24 Machi. Akingoja Aprili 10 ndipo aeleze upande wake, atakuwa amechelewa kwa zaidi ya wiki mbili, na mahakama inaweza kumruhusu mdai athibitishe dai lake bila yeye kusikilizwa.

Utetezi wenyewe hujibu hati ya madai aya kwa aya. Jambo lisilokanushwa waziwazi huweza kuchukuliwa kuwa limekubaliwa. Kuandika tu kwamba “napinga madai yote” hakutoshi. Mfanyabiashara wetu anakubali kwamba alikopa, lakini ana risiti za marejesho ya shilingi 12,000,000 ambayo hayakuhesabiwa. Basi ataandika kwamba anaukubali mkataba, anakanusha kudaiwa shilingi 38,000,000, na kwamba deni lililobaki ni shilingi 26,000,000, kisha ataambatanisha nakala za risiti hizo.

Iwapo muda hautoshi kwa sababu ya msingi, kama vile ugonjwa, mdaiwa huomba mahakama imwongezee muda. Ombi hilo ni vema liwasilishwe kabla siku 21 hazijaisha.

Sasa soma tena neno linalofuata tarehe ya kufika. “Kutajwa” maana yake ni kwamba mahakama itaangalia shauri limefikia wapi na kupanga hatua inayofuata. Kwa kawaida ushahidi hautolewi siku hiyo. “Kusikilizwa” maana yake ni kwamba ushahidi utatolewa. Kwa siku zote mbili mdaiwa au wakili wake anapaswa kufika.

Siku ya kutajwa, chukua wito, kitambulisho, na nakala ya utetezi pamoja na uthibitisho kwamba umepokelewa. Siku ya kusikilizwa, ongeza mkataba, risiti na taarifa ya benki. Nyaraka hizi ziwe halisi pamoja na nakala zake, kwa kuwa mahakama huhitaji kuona ile halisi. Mashahidi wako nao waje siku hiyo. Fika kabla ya saa iliyotajwa, uoneshe namba ya shauri kwa karani ili akueleze shauri limepangwa kwa hakimu yupi. Kabla ya kuondoka, andika tarehe mpya iliyopangwa, kwa maana huenda usipelekewe wito mwingine.

Ukiwa na shaka kama wito ni wa kweli, peleka namba ya shauri kwenye masijala ya mahakama iliyotajwa na uulize. Usimlipe fedha yoyote aliyekuletea wito kwa ahadi kwamba atalifuta shauri. Hana mamlaka hayo. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Ikiwa tayari uamuzi umetolewa bila wewe kuwapo, nenda mahakama hiyohiyo bila kukawia, uombe uamuzi utenguliwe. Utatakiwa kueleza sababu ya kutosha iliyokuzuia, kwa mfano cheti cha kulazwa hospitalini au ushahidi kwamba wito haukukufikia. Kusema kwamba ulikuwa ukingoja tarehe ya kutajwa huenda kusikubaliwe.