Jamvi Moja la Kumbukumbu

Katika lugha ya C, kumbukumbu ya kompyuta haijisafishi yenyewe. Mwandishi wa programu akihitaji nafasi ya kuweka jina au orodha, huiomba kwa `malloc`, na akimaliza kazi huirudisha kwa `free`. Kila ombi ni deni. Programu yenye madeni kumi haimnyimi mtu usingizi. Yakifika maelfu, yametawanyika katika mafaili mengi, mwandishi hugeuka karani: hutumia muda mwingi kukumbuka nani alikopa nini kuliko kuandika kile alichokusudia. Asiporudisha, programu inavimba mpaka mashine inazidiwa. Akirudisha mara mbili, au akirudisha kitu ambacho bado kinatumika, programu inaanguka, na mara nyingi inaangukia mbali na pale kosa lilipofanyika.

Kuna njia ya kulifuta daftari hilo la madeni, nayo huitwa arena. Unaomba bonge moja kubwa la kumbukumbu, unakata vipande kutoka humo kadiri kazi inavyoendelea, na kazi ikiisha unaachilia vyote kwa pamoja, kama jamvi linavyokunjwa baada ya mkutano bila kumuuliza kila aliyekaa juu yake alikuwa amekalia sehemu gani. Wazo si geni. Douglas Ross alichapisha mwaka 1967 maelezo ya mfumo uliogawa kumbukumbu kwa kanda. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa lcc, kompaila ya C iliyoandikwa na Chris Fraser wa maabara za Bell na David Hanson wa Chuo Kikuu cha Princeton. Hanson alieleza mbinu hiyo katika makala ya mwaka 1990, na mwaka 1995 wawili hao wakatoa kitabu kinachopitia kompaila yao karibu mstari kwa mstari.

Kompaila ni programu inayosoma maandishi ya C na kuyageuza kuwa amri za mashine. Chukua sentensi hii:

```c
x = (a + b) * (a + b);
```

Ili kuielewa, kompaila hujenga mti. Juu kabisa kuna nodi ya `=`. Chini yake upande mmoja kuna `x`, upande wa pili `*`, na chini ya `*` kuna kujumlisha, kila kimoja na `a` na `b` zake. Kompaila makini kama lcc hugundua kwamba `a + b` imeandikwa mara mbili, kwa hiyo haina sababu ya kuikokotoa mara mbili. Inajenga nodi moja ya `+`, halafu mikono yote miwili ya `*` inaielekea hiyo hiyo. Nodi zinabaki sita: `=`, `x`, `*`, `+`, `a` na `b`.

Sasa jaribu kuuvunja mti huo kwa `free`. Njia ya kawaida ni kushuka kila tawi, kuachilia watoto, kisha mzazi. Ukifika kwenye `*`, unashuka mkono wa kushoto na kuachilia `a`, `b` na `+`. Kisha unashuka mkono wa kulia na kuikuta `+` ile ile, ambayo imekwisha kuachiliwa. Ukiisoma tu, tayari unasoma kumbukumbu isiyo yako. Kwenye Linux bahati nzuri ni kuona programu ikizimwa kwa ujumbe `free(): double free detected in tcache 2`. Bahati mbaya ni kutoona chochote siku hiyo. Unaweza kuipa kila nodi hesabu ya wazazi wake, uipandishe na kuishusha, lakini hapo umerudi kwenye ukarani.

Arena haiulizi nodi ina wazazi wangapi. Huu ndio moyo wake, katika umbo dogo kuliko la lcc:

```c
typedef struct {
    unsigned char *mwanzo;
    size_t ukubwa;
    size_t alama;
} Arena;

void *arena_toa(Arena *a, size_t n)
{
    size_t p = (a->alama + 15) & ~(size_t)15;
    if (p > a->ukubwa || n > a->ukubwa - p)
        return NULL;
    a->alama = p + n;
    return a->mwanzo + p;
}
```

`mwanzo` ni anwani ya bonge lenyewe, ambalo liliombwa mara moja tu kwa `malloc`. `alama` ni mahali tulipofikia kukata. Mstari wa kwanza ndani ya fanksheni unaisogeza alama mbele hadi kwenye namba inayogawanyika kwa 16, kwa sababu prosesa zinataka data za aina fulani zianzie kwenye anwani za namna hiyo. Ukikata baiti 5 za jina, kipande kinachofuata hakianzii 5 bali 16, na baiti 11 za katikati zinapotea. Hasara hiyo tunaikubali. Mstari unaofuata unapima kama nafasi imetosha. Angalia kwamba unatoa badala ya kujumlisha: `p + n` ikiwa kubwa mno inaweza kuzunguka na kuwa namba ndogo, na ukaguzi ukadanganyika.

Tuhesabu ule mti. Tuseme nodi moja ina namba ya aina yake, vielekezi viwili vya watoto na kielekezi kimoja cha jina. Kwenye mashine ya biti 64 hiyo ni baiti 32. Nodi sita zinaipeleka alama kutoka 0 hadi 192, basi. Kwa `malloc` ya glibc, maktaba ya kawaida ya Linux, kila ombi la baiti 32 huongezewa baiti 8 za kumbukumbu ya ukubwa wake, kisha hupandishwa hadi 48. Nodi sita zinakula 288. Na ili kuachilia vyote kwenye arena unaandika hivi:

```c
a->alama = 0;
```

Hakuna kushuka matawi. Hata mti ungekuwa na nodi milioni, gharama ni ile ile.

Bonge letu dogo likijaa, linarudisha `NULL` na kazi inasimama. lcc haikomei hapo. Nafasi ikiisha inaomba bonge jipya, lenye kilobaiti 10 zaidi ya kinachohitajika, na kuliunganisha na lililotangulia kama mnyororo. Ikiachilia, hairudishi mabonge kwa mfumo wa uendeshaji. Inayaweka kwenye orodha ya akiba ili kazi inayofuata iyachukue. Kwa hiyo baada ya fanksheni chache za mwanzo, kompaila huwa haihitaji kumwomba mtu kitu.

Uzuri wa lcc, kwa maoni yangu, hauko kwenye mnyororo huo bali kwenye namba ya arena. Ziko tatu tu, nazo zinaitwa `PERM`, `FUNC` na `STMT`. Kinachokatwa kutoka `PERM` kinaishi hadi kompaila imalize kazi. Cha `FUNC` kinaishi hadi fanksheni inayosomwa iishe. Cha `STMT` ni cha muda mfupi zaidi, wa kauli moja. Mwandishi hajiulizi tena ni nani atakayeachilia nodi hii. Anajiuliza itaishi hadi lini, naye hulijibu swali hilo mara moja tu, pale anapoomba nafasi.

Akijibu vibaya, ndipo taabu inapoanza. Tuseme ndani ya fanksheni kuna kigeu cha aina ya `static`, kile kinachohifadhi thamani yake hata fanksheni ikimaliza. Taarifa zake zinawekwa `PERM`, sawasawa. Lakini herufi za jina lake, kwa haraka, zinakatwa kutoka `FUNC`. Fanksheni inaisha, `FUNC` inaachiliwa, na kielekezi cha jina kinabaki kikielekea mahali ambapo sasa kuna nodi za fanksheni nyingine. Programu haianguki. Jina linageuka takataka tu, na linageuka pale tu ambapo faili lina fanksheni zaidi ya moja. Ukijaribu kompaila kwa faili la fanksheni moja, kila kitu ni salama. Kanuni inayozuia hili ni fupi: kitu chenye maisha marefu kisielekee kitu chenye maisha mafupi. Kinyume chake hakina madhara.

Vifaa vya kunasa makosa ya kumbukumbu, kama AddressSanitizer, havioni kosa hili vyenyewe. Mbele yao arena ni bonge moja halali, na kusoma popote ndani yake ni halali vilevile. Waandishi hutumia hila mbili. Ya kwanza ni kujaza bonge lote baiti `0xDD` kila linapoachiliwa wakati wa majaribio, ili kielekezi kilichosahauliwa kisome upuuzi unaotambulika badala ya data ya jana inayofanana na kweli. Ya pili imo ndani ya lcc yenyewe: ukiwasha swichi ya `PURIFY` unapoijenga, arena inageuka jina tu, na kila ombi linakwenda `malloc` kivyake, ili kifaa cha uchunguzi kione kila kipande peke yake.

Kosa la pili ni la kimyakimya zaidi, na walioteseka nalo hadharani ni watu wa Subversion, programu ya kutunza matoleo ya mafaili. Wao walitumia arena za maktaba ya Apache, zinazoitwa puli. Fikiria kitanzi kinachopita kwenye kila faili na kuomba kilobaiti 2 za kazi, zote kutoka puli ya operesheni nzima. Kwenye mafaili 50 hiyo ni kilobaiti 100, hakuna atakayejua. Kwenye mafaili 500,000 inakaribia gigabaiti moja. Kitaalamu hakuna kilichovuja, maana operesheni ikiisha yote yataachiliwa. Shida ni kwamba mashine inaweza kuishiwa kabla ya hapo. Dalili yake ni kumbukumbu inayopanda sawia na idadi ya mafaili, kisha kushuka ghafla hadi chini kazi inapokwisha. Uvujaji wa kweli haushuki. Desturi waliyoifuata ni kutengeneza puli ndogo nje ya kitanzi na kuisafisha kwa `svn_pool_clear` mwanzoni mwa kila mzunguko, hivyo kilobaiti 2 zile zile zinatumika mara 500,000.

Kuna kazi zisizopokea mbinu hii hata ukizibembeleza. Seva ya gumzo yenye wateja wanaoingia na kutoka wakati wowote inaweza kumpa kila mteja arena yake, sawa, lakini ujumbe uliosomwa na wateja watatu ni wa arena ya nani? Hapo `malloc` na hesabu ya wazazi vinafaa zaidi.

Tena arena inajua kumbukumbu tu. Nodi ikiwa imeshika faili lililofunguliwa, kurudisha alama kwenye 0 hakulifungi faili hilo. Linabaki wazi bila mtu wa kulifunga, na Linux kwa kawaida huipa programu moja nafasi ya mafaili 1024 tu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana puli za Apache zina `apr_pool_cleanup_register`: unaposhika faili, unaiachia puli jina la fanksheni ya kuita kabla haijaachilia kumbukumbu yake.