Kongwe, Changa na Zenye Ubishi: Rekodi Saba za Mwanzo wa Lugha

Maandishi ya kale zaidi tunayoyajua, vibao vya udongo vya mji wa Uruk katika Iraki ya leo, yana umri wa miaka 5,000 na ushei. Binadamu wa aina yetu wamekuwapo kwa miaka ipatayo 300,000. Karibu historia yote ya usemi ilipita bila mwandishi, na neno likishatamkwa haliachi mfupa wala jivu. Anayetaka kujua lugha ilianzaje hana budi kuchunguza vitu vilivyokaa jirani nayo: koo, mapafu, makaburi, wanyama, watoto. Hizi hapa ni rekodi saba za msako huo. Nyingi zimewahi kubebeshwa nadharia nzima, na kila moja ina mahali inapoishia nguvu.

1. Marufuku mashuhuri zaidi

Chama cha Isimu cha Paris kilipopata katiba yake mwaka 1866, kifungu cha 2 kilitamka kwamba hakitapokea andiko lolote kuhusu asili ya lugha, wala kuhusu kuunda lugha moja ya dunia nzima. Swali halikuwa tatizo. Majibu yalikuwa yamezidi. Mwaka 1861, Max Müller wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyajadili katika mihadhara yake na kuyapachika majina ya kejeli. Wapo waliodai kwamba maneno ya kwanza yaliiga sauti za wanyama na vitu. Wengine walisema yalitokana na miguno ya uchungu, hofu na furaha. Baadaye ikaongezwa nadharia ya kazi: watu wakivuta mzigo kwa pamoja, mihemo yao ikageuka kuwa maneno.

Maneno ya kuiga sauti yapo kweli katika kila lugha. Lakini hakuna mlio unaoweza kuigwa ili upate neno la "kesho" au "kama", na hakuna mguno unaoeleza kwa nini sentensi hupangwa ilivyopangwa. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyeweza kutaja ushahidi ambao ungeithibitisha nadharia moja na kuiangusha nyingine.

2. Milio ya porini inayonukuliwa zaidi

Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya tumbili wa Amboseli, Kenya. Tumbili hao hupiga mlio mmoja wakimwona chui, mwingine wakimwona tai na mwingine wakimwona nyoka. Watafiti walirekodi milio hiyo, wakaficha vipaza sauti vichakani, kisha wakaicheza wakati hakuna adui yeyote. Kwa mlio wa chui, tumbili walikimbilia mitini. Kwa mlio wa tai walitazama juu au kujificha vichakani. Kwa mlio wa nyoka walisimama kwa miguu ya nyuma wakichungulia majani.

Waliodai kwamba lugha ilitokana na sauti walishangilia. Wapinzani wao, wanaofuata hoja aliyoifufua Gordon Hewes mwaka 1973 kwamba lugha ilianzia mikononi, walijibu kwamba tumbili haongezi wala habuni milio mipya: milio yake ni michache, na kwa sehemu kubwa ni ya kurithi. Wao huelekeza macho kwa sokwe, jamaa zetu wa karibu zaidi. Katika msitu wa Budongo, Uganda, sokwe mama humwonyesha mtoto wake unyayo ili apande mgongoni, na kama mtoto hajaitikia, mama husubiri na kujaribu tena. Huyo anakusudia aeleweke. Tatizo la kambi hii ni kwamba haijaeleza kwa kuridhisha kwa nini, ikiwa mikono ilitosha, binadamu karibu wote walihamia kinywani.

3. Mfupa mdogo zaidi kubeba hoja kubwa

Chini ya ulimi kuna mfupa mdogo wenye umbo la kiatu cha farasi, uitwao haioidi. Haujaungana na mfupa mwingine wowote. Unashikiliwa na misuli na kano tu, ndiyo maana mwili ukioza hupotea kwa urahisi. Mwaka 1983, katika pango la Kebara nchini Israeli, ulipatikana wa Mneanderthali aliyeishi miaka kama 60,000 iliyopita. Ulifanana mno na wetu.

Hilo liligonga nadharia ya Philip Lieberman, ambaye pamoja na Edmund Crelin alidai mwaka 1971 kwamba zoloto ya Waneanderthali ilikaa juu mno kooni, hivyo wasingeweza kutamka irabu kama zetu. Watetezi wa nadharia hiyo walijibu kwa hoja ya haki: umbo la mfupa halisemi ulining'inia wapi. Nyama zilizoushikilia zilikwisha oza.

Kisha mwaka 2016 kundi la Tecumseh Fitch lilipiga picha za eksirei za nyani aina ya makaku akila, akipiga miayo na akitoa sauti. Vipimo vilionyesha kwamba koo lake lingeweza kutoa irabu kadhaa zinazotofautika. Anachokosa ni ubongo wa kuliendesha koo hilo. Kwa hiyo miaka mingi ya kubishana juu ya umbo la koo huenda ilitumika mahali pasipo na jibu.

4. Mifupa kamili zaidi, na hukumu iliyogeuka

Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu. Uchimbaji ulifichua mifupa kamili zaidi ya Homo erectus iliyowahi kupatikana: mvulana aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kuuliza swali la mapafu.

Swali lenyewe ni hili. Tukipumua kimya, kuvuta na kutoa pumzi huchukua muda unaokaribiana. Tukisema, tunavuta haraka kisha tunaitoa kidogo kidogo kwa sekunde kadhaa, na misuli ya katikati ya mbavu na ya tumbo huibana ili sauti isipande wala kushuka ovyo. Misuli hiyo huendeshwa na neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo usawa wa kifua. Neva nyingi zinahitaji mfereji mpana ndani ya pingili. Ann MacLarnon alipopima pingili za kijana wa Turkana aliukuta mfereji mwembamba, karibu na wa nyani kuliko wetu. Hitimisho: Homo erectus hakuwa na udhibiti wa pumzi unaotosha kwa usemi mrefu.

Kwa miaka kadhaa hiyo ilikuwa hoja safi kuliko zote. Kasoro yake ilikuwa kwamba ilisimama juu ya mtu mmoja, tena mtoto. Baadaye pingili za Dmanisi, Georgia, zenye umri wa miaka kama milioni 1.8, zilionekana kuwa na mifereji yenye upana wa kibinadamu. Wengine wakadokeza kwamba kijana wa Turkana alikuwa na ugonjwa wa mgongo. Waliompima upya walimkuta ndani ya mipaka ya watu wa leo, ingawa upande wa wembamba. Mifupa haikubadilika, kilichobadilika ni idadi ya wa kulinganishwa nao. Na hata mfereji mpana usingethibitisha kwamba kijana yule alisema. Ungethibitisha tu kwamba pumzi haikumzuia.

5. Kaburi kongwe zaidi Afrika

Kambi nyingine inaacha mwili na kutafuta alama za fikra: rangi, shanga, michoro, mazishi. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, mtoto wa miaka kama 3 alizikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita. Mifupa ililainika kiasi kwamba ilivunjika ikiguswa, hivyo wachimbaji walilifunika bonge zima la udongo kwa plasta na kulisafirisha hadi Nairobi, kisha Hispania, ambako lilifunguliwa polepole maabarani. Watafiti walimpa jina Mtoto, na matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2021. Mkao wa mifupa ulionyesha kwamba mwili ulifungwa na kitu kilichooza, na kichwa kililazwa juu ya kitu mfano wa mto.

Je, watu waliomlaza hivyo walizungumza? Wengi wangesema ndiyo bila kusita. Lakini kaburi linaweka mpaka wa upande mmoja tu: ukikubali kwamba desturi kama hii inahitaji lugha, unajua lugha haikuanza baada ya hapo. Miaka mingapi kabla, kaburi halisemi. Na mahali pasipo na kaburi hapathibitishi kimya, kwa sababu udongo wa kitropiki wenye asidi na unyevu hula mifupa mapema kuliko wa mapango makavu ya Ulaya.

6. Lugha changa zaidi iliyoonekana ikizaliwa

Herodoto anasimulia kwamba Farao Psamtiki aliwatenga watoto wachanga wawili ili asikie watatamka neno gani la kwanza. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio hilo. Ila nchini Nikaragua hali inayolikaribia ilijitokeza yenyewe. Kuanzia mwaka 1977 watoto viziwi, ambao majumbani walikuwa na ishara za kubuni tu, walikusanywa katika shule za Managua. Walimu walitaka wajifunze Kihispania kwa kusoma midomo. Watoto, uwanjani na ndani ya basi, waliunda lugha yao ya alama.

Mwaka 2004 Ann Senghas na wenzake walilinganisha vizazi vya wanafunzi wakieleza kitu kinachobingirika mteremkoni. Wa kizazi cha kwanza, kama watu wanaosikia wakiongea kwa mikono, mara nyingi walionyesha kubingirika na kushuka kwa mwendo mmoja. Wadogo zao waliigawa picha hiyo: alama moja ya kubingirika, kisha alama ya kushuka. Vipande vilivyotenganishwa vinaweza kupangwa upya katika sentensi nyingine, na hapo sarufi imeanza.

Lakini watoto hawa walizaliwa na ubongo ulio tayari. Nikaragua inaonyesha lugha inavyozaliwa kwa watu wanaoiweza. Jinsi watu walivyopata kuiweza ni swali jingine.

7. Majibu yaliyoachana zaidi

Robert Berwick na Noam Chomsky wanaiweka lugha ndani ya miaka 200,000 iliyopita, kwa badiliko la ghafla la kinasaba. Dan Dediu na Stephen Levinson, mwaka 2013, waliirudisha miaka kama 500,000 nyuma, kwa babu tuliyeshirikiana na Waneanderthali. Daniel Everett anaipeleka zaidi ya miaka milioni 1, kwa Homo erectus.

Wote wamesoma mifupa ileile. Chomsky anahesabu uwezo wa kuunganisha vipande viwili kuwa kimoja na kukiunganisha tena bila kikomo, jambo lisiloacha alama kooni. Dediu na Levinson wanahesabu usemi, ndiyo maana haioidi ya Kebara ina uzito kwao. Everett anahesabu alama zenye maana ya makubaliano, kwa hiyo zana za mawe na safari za mbali zinamtosha. Kila tarehe ni sahihi kadiri ya kitu inachokipima, na mfupa mpya ukichimbuliwa kesho Turkana au Kilifi, kila kambi itauweka kwenye mizani yake.