Maji baridi ya Mombasa si maji baridi ya Nakuru

Katika kazi yangu ya kuandaa matangazo ya afya ya redio, mara nyingi hupokea maneno yaliyoandikwa Nairobi, na huambiwa yaende hewani Mombasa yale yale yatakayosikika Nakuru na Kitui. Aghalabu hakuna taabu, kwani Kiswahili cha redio sote twakielewa. Taabu huja pale ambapo sisi na wenzetu wa bara tuna neno moja, lakini kila upande una kitu chake akilini. Neno geni msikilizaji huliuliza. Neno analolijua haliulizi, hulitenda.

Chukua tangazo la mtoto anayeharisha, ambalo mswada wake wa bara ulisema hivi: "Mtoto akiendesha, mpe maji ya chumvi na sukari. Tumia maji baridi yaliyochemshwa."

"Akiendesha" nililibadilisha mara moja. Bara ni neno la nyumbani, la heshima kabisa, lakini huku kwetu anayeendesha ni dereva. Hapo hasara ni kicheko tu. Hasara ya kweli imo katika maneno yaliyofuata.

Kwa mtu wa Nakuru, maji ya chumvi ni maji yaliyotiwa chumvi jikoni. Kwa mtu wa Mombasa au Lamu, maji ya chumvi yamo kisimani, ndiyo tunayoogea na kufulia mfereji ukikauka. Na maji baridi? Bara ni maji yasiyo moto. Kwa wazee wetu, maji baridi ni yale yasiyo na chumvi, ya kunywa, hata yakiwa ya uvuguvugu. Basi sentensi moja inamwambia mama wa Pwani atumie ya chumvi, na ya pili inamwambia atumie yasiyo ya chumvi. Asiyelijua "maji baridi" la wazee atabaki na la kwanza, na kisima ki karibu.

Hili si suala la ufasaha. Kipimo cha nyumbani, pale pakiti ya dawa ya maji kutoka zahanati haijapatikana, ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimepanguswa juu kwa kisu. Maji ya kisima yenye chumvi yakiongezewa nusu kijiko, chumvi hupita kiasi, na badala ya kumrudishia mtoto maji humzidishia madhara. Kuyachemsha hakusaidii. Moto huua vijidudu, chumvi hubaki, tena huzidi kukolea maji yanapopungua.

Kwa hivyo kwa Pwani niliandika: "Mama, mtoto akiharisha, chukua lita moja ya maji matamu ya kunywa, si ya kisima cha chumvi. Yachemshe, yaache yapoe." Kwa bara: "Mama, mtoto akihara, au akiendesha, chukua lita moja ya maji safi ya kunywa. Yachemshe, yaache yapoe." Hilo "maji matamu" silipeleki bara, maana huko mtu aweza kudhani yametiwa sukari tayari. Vipimo sikuvigusa. Lita nimeieleza pande zote mbili kuwa ni chupa mbili za soda za nusu lita, kwa kuwa vikombe hutofautiana nyumba kwa nyumba.

Kuna wanaotaka tangazo la bara liseme "patia mtoto maji", ati ndivyo watu wanavyozungumza. Mimi hukataa. "Mpe mtoto" hueleweka Bungoma kama inavyoeleweka Kisauni, na msikilizaji hujua akiigizwa. Kwa sababu hiyo hiyo sijazi Kimvita katika tangazo la Pwani. Redio ya Mombasa husikilizwa pia Kaloleni na Kinango, na huko "maji matamu" yatosha.

Kabla ya kurekodi, usimuulize mtu kama ameelewa. Atakuitikia kwa adabu. Mpe kijiko, sukari, chumvi na chupa, msomee tangazo mara moja, kisha mwombe akuonyeshe. Pwani muulize kwanza maji angeyateka wapi. Akikutajia kisima chenye chumvi, sentensi ya maji haijakaa sawa hata kama vijiko vyake vyote ni sahihi. Bara mtazame mkono: akipakua kijiko chenye kilima, tatizo ni neno la kupima.

Msimamizi atalalamikia gharama ya kurekodi mara mbili. Mwonyeshe kwamba zinazobadilika ni sentensi za mwanzo tu. Vijiko, lita, na agizo la kumpeleka mtoto hospitali akiwa na damu chooni, akilegea au akishindwa kunywa, hurekodiwa mara moja na kutumika pande zote.