Gitaa la Umeme la Kwanza kwa Anayetaka Kupiga Roki

Mwaka 1964 jijini London, kijana Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichukua wembe akaichana karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo, kisha akaiunganisha amplifaya hiyo na nyingine kubwa zaidi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mikwaruzo, nzito na yenye ukali. Wimbo uliorekodiwa kwa sauti hiyo, "You Really Got Me", ulishika namba moja Uingereza mwaka huohuo. Gitaa lake halikuguswa. Kilichobadilika ni amplifaya.

Hapo ndipo mwanafunzi wa roki anapaswa kuanzia anapopanga matumizi ya fedha zake. Wapigaji wetu wa dansi na rumba wanataka sauti safi, kila uzi usikike peke yake, mpiga solo na mpiga rithim wasigongane. Roki inataka sauti iliyolemewa. Nyuzi zinapotikisika, gitaa hutoa umeme mdogo sana, na amplifaya huukuza. Ukiilazimisha amplifaya ikuze kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, sauti mpya za juu huzaliwa ndani ya noti ileile, na noti hudumu muda mrefu kabla ya kufa. Wanamuziki huiita hali hiyo distoshen. Anayetumia fedha zake zote kwenye gitaa kisha akalichomeka popote pale hatausikia muziki alioufuata.

Popote pale, kwa nyumba nyingi za kwetu, ni kwenye sabufa. Gitaa litasikika, lakini kwa unyonge, kwa sababu sabufa haikutengenezwa kupokea umeme hafifu wa gitaa. Ukitafuta kifaa cha kuongeza distoshen ndipo ubaya unapojitokeza: sauti inageuka kuwa mlio mkali kama wa nyuki kwenye kopo. Sababu iko kwenye spika. Spika ya amplifaya ya gitaa haitoi sauti za juu sana. Ikifika takriban mizunguko 5,000 kwa sekunde huanza kuzima. Spika ya redio hufika mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo hutoa hadharani makwaruzo yote ambayo spika ya gitaa ingeyameza.

Kwa hiyo tafuta amplifaya ya gitaa hasa, hata iwe ndogo. Ya wati 10 yenye spika ya inchi 6 au 8 inatosha chumba cha kulala, na mara nyingi inazidi. Usirubuniwe na wati nyingi: sikio halihesabu kama mita ya umeme, na ili sauti isikike maradufu unahitaji wati karibu mara kumi. Amplifaya ya wati 20 na ya wati 10 zinakaribiana sana kwa ukubwa wa sauti. Cha kuangalia ni mambo mawili. Kwanza, iwe na kitufe kilichoandikwa GAIN au DRIVE mbali na kile cha VOLUME. Kitufe cha kwanza huamua sauti ilemewe kiasi gani, cha pili huamua itoke kwa nguvu gani, na vikitengana unaweza kupata distoshen nzito kwa sauti ya chini. Pili, iwe na tundu la hedifoni. Mwanafunzi hurudia mstari mmoja mara nyingi mno, na majirani wana haki ya kulala.

Siku hizi kuna amplifaya ndogo za kidijitali zinazoiga tabia za amplifaya nyingi kubwa ndani ya boksi moja. Kwa anayeanza naziona zinafaa, kwa kuwa hujajua bado kama moyo wako uko kwenye roki ya zamani ya taratibu au kwenye metali. Baadhi yake hutumia betri, jambo la maana pale umeme unapokatika mara kwa mara.

Ukinunua ya mtumba, igeuze usome maandishi ya nyuma kabla hujaiwasha. Vifaa vingi vinavyoingizwa kutoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na soketi zetu hutoa volti 230. Kuchomeka mara moja tu kunatosha kuiunguza. Kama imeandikwa 100V peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma hiyo uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye gitaa. Mpwa wangu alipotaka kuanza nilimsindikiza dukani, Kariakoo, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye gitaa jekundu lililoning'inia mbele.

"Mjomba, hili ndilo lenyewe," aliniambia.

Lilikuwa la umbo la Stratocaster, gitaa ambalo kampuni ya Fender ilianza kuliuza mwaka 1954 na ambalo tangu hapo limeigwa na karibu kila kiwanda. Pembeni yake lilikuwapo jeusi, halina mvuto wowote. Nilimwomba muuzaji atuchomekee yote mawili kwenye amplifaya moja, GAIN ikiwa juu, halafu mpwa wangu ashike nyuzi zote kwa kiganja zisilie kabisa. Jekundu liliendelea kunguruma. Jeusi likatulia.

Tofauti ilikuwa kwenye pikapu, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Hunasa mtikisiko wa nyuzi, lakini hunasa pia mngurumo wa umeme wa nyumbani kutoka kwenye taa, transfoma na nyaya za ukutani. Jekundu lilikuwa na pikapu tatu nyembamba, za koili moja kila moja. Jeusi, karibu na daraja ambako nyuzi hufungwa, lilikuwa na pikapu pana ya koili mbili. Ufundi huo ulibuniwa na Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka 1955: koili hizo mbili huzungushwa kwa namna ambayo mngurumo wa moja huufuta wa nyingine, huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Kwa muziki safi mngurumo wa koili moja ni mdogo na unavumilika. Distoshen hukuza kila kinachoingia, na mngurumo nao hukua pamoja na muziki. Ndiyo maana kwa roki napendekeza gitaa lenye pikapu ya koili mbili upande wa daraja. Yapo ya bei ya kati, kama Yamaha Pacifica 112, yenye koili mbili darajani na mbili za koili moja karibu na shingo. Hayo humwachia mwanafunzi njia zote wazi.

Daraja lenyewe nalo liangalie. Mengine yana mkono wa chuma wa kuyumbisha sauti. Kwenye magitaa ya bei ya chini mkono huo huwa chanzo cha nyuzi kupoteza sauti, na yale madaraja yanayofunga nyuzi kwa skrubu na kuelea juu ya springi huweza kumla mgeni saa nzima kwa kubadili uzi mmoja tu. Daraja lisilocheza ni rafiki wa anayeanza.

Baada ya hapo tukalikagua jeusi. Hatua hizi hazihitaji mtu anayejua kupiga.

Ya kwanza ni shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine ubonyeze uleule kwenye freti ya mwisho. Uzi uliokazwa umenyooka, kwa hiyo umepata rula. Tazama katikati, karibu na freti ya saba. Panatakiwa pawe na uwazi mdogo sana kati ya uzi na freti, kiasi cha unene wa kadi ya biashara au pungufu. Uwazi ukizidi milimita moja, shingo imepinda kwenda mbele. Usipokuwapo kabisa, imepinda kwenda nyuma na nyuzi zitagonga freti. Yote mawili fundi huyarekebisha kwa kuzungusha kidogo chuma kilichopita ndani ya shingo. Kisicho na dawa ya bei nafuu ni shingo iliyojisokota. Itazame kutoka kichwani kuelekea darajani kwa jicho moja: kama upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, lirudishe ukutani.

Ya pili ni usahihi wa noti. Pakua tuna kwenye simu, kaza uzi hadi noti yake isome sawasawa ukiwa wazi, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12 na upige tena. Freti hiyo iko nusu ya urefu wa uzi, kwa hiyo jina la noti liwe lilelile. Ikisoma juu au chini kwa kiasi kinachoonekana, huenda vipande vya daraja vinahitaji kusogezwa au nyuzi zimechakaa. Mwambie muuzaji akusawazishie mbele yako, akishindwa, usilipe.

Ya tatu ndiyo iliyomtoa mpwa wangu tabasamu. Acha uzi mnene wazi, bonyeza nyuzi mbili zinazoufuata kwenye freti ya pili, piga hizo tatu tu na distoshen ikiwa juu. Hiyo ni kodi ya msingi ya roki, yenye noti kuu na ya tano yake, bila ya tatu. Kodi kamili ikipitia distoshen hugeuka uji, lakini hii hubaki imara. Isikilize hadi izime. Kama inadumu kwa sekunde kadhaa, inafifia taratibu, na hakuna mlio wa chuma kugonga freti, gitaa ni zima. Zungusha kila kitufe na utikise kidogo waya kwenye tundu lake. Sauti ikikatika au ikichachawa, ni hitilafu ndogo ya kulehemu ambayo inakupa haki ya kuomba bei ishuke.

Tuliondoka na jeusi.

Kama una laki tano za Tanzania, ningezigawa hivi: takriban laki tatu kwa gitaa, laki moja na nusu kwa amplifaya, na elfu hamsini zilizobaki kwa waya, vidonoo vya plastiki na pakiti mbili za nyuzi. Usizile hizo hamsini ukitafuta gitaa zuri zaidi kidogo. Nyuzi zinazokuja na gitaa la dukani mara nyingi zimekaa miezi zikishika kutu. Chukua pakiti yenye uzi mwembamba kabisa ulioandikwa 009, kwa sababu nyuzi nyembamba hupinda kwa urahisi na vidole vichanga haviumii haraka. Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili kwenye mashine ya kiwanda huko Birmingham, alizitafuta nyuzi nyembamba kwa sababu hiyohiyo ya maumivu, na akapiga nazo muziki mzito kuliko wenzake wa wakati ule.

Kwa anayeishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya bahari hula nyuzi haraka. Zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, juu na chini yake, na gitaa lisining'inizwe dirishani. Uzi ukianza kukwaruza kidole au kukataa kutulia kwenye tuna, badilisha seti yote kwa pamoja, uzi mmoja baada ya mwingine, ili shingo isilegee ghafla.