Mkasi Usipite Kwenye "Kama"

Mhadhara ulichukua saa moja na dakika 38, ukarekodiwa kwa kamera moja iliyosimamishwa nyuma ya ukumbi hapa Kisumu. Mtafiti alizungumzia vizimba vya ngege ziwani na vifo vya ghafla vinavyowafilisi wafugaji. Ukumbini hatukutimia hamsini. Waliouhitaji hasa walikuwa Dunga, Ogal na Usenge, simu mkononi, na nani atamaliza bando lake kwa kutazama saa moja na nusu? Nikapewa kazi ya kuukata uwe klipu fupi fupi.

Klipu niliyojivunia ilikuwa ya sekunde 22. Mhadhiri ananyoosha kidole na kusema: "Siku hiyo usiwape samaki chakula, hata punje moja." Ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama moto wa mabua. Siku ya tatu mfugaji mmoja akanipigia. "Ndugu yangu, samaki tumewanyima chakula kama mlivyosema. Sasa tuendelee mpaka lini?"

Nikarudi kwenye rekodi, jasho likinitoka. "Siku hiyo" ni siku ipi? Sekunde 31 kabla ya pale nilipokata, mhadhiri alikuwa ameanza hivi: kama alfajiri umekuta samaki wamejaa juu ya maji wanahema, au kipimo kinaonyesha oksijeni imeshuka chini ya miligramu 3 kwa lita. Samaki aliyekula huhitaji oksijeni zaidi ili kusaga chakula, na kilichobaki kikioza nacho hula oksijeni ile ile. Katazo lilikuwa la saa za hatari tu. Mimi nilitupa "kama" nikabakiza amri.

Tangu siku hiyo sianzi na mkasi. Nafunika kioo cha kompyuta, nasikiliza sauti peke yake na kuandika dakika kwenye karatasi. Sentensi tamu nikiipata, natafuta ndani yake maneno kama "hiyo", "hapo", "ndiyo maana" na "kama nilivyosema". Hayo ni mizizi, na mizizi iko nyuma. Narudi mpaka nifike kitu chenyewe kilipotajwa kwa jina lake. Kisha nasikiliza mbele, kwa sababu "lakini" na "isipokuwa" hupenda kuja baada ya makofi. Walionituma walitaka klipu 12. Zilizosimama zenyewe zilikuwa 5.

Ile klipu niliirudia. Sasa inaanza dakika ya 47 na sekunde 18, kabla kidogo ya "kama", na inakwenda sekunde 58, ili watu waweze kuiweka kwenye stetasi ikiwa nzima. Sekunde tatu za mwisho, ambazo mwanzo niliziona za bure, ndizo zenye jibu la yule mfugaji: wakishatulia, warudishie chakula kidogo kidogo. Natumia programu ya bure iitwayo ffmpeg:

```
ffmpeg -ss 00:47:18 -i mhadhara.mp4 -t 58 -vf "crop=608:1080:656:0,scale=1080:1920" -c:v libx264 -c:a aac kipande3.mp4
```

Kuna njia ya mkato, ya kuandika `-c copy` bila kuchakata picha upya. Inamaliza kazi kufumba na kufumbua, ila picha haiwezi kuanza popote utakapo, bali kwenye fremu kamili tu, na hizo huenda zikapishana kwa sekunde kadhaa. Utaijua kwa dalili zake: klipu inafunguka na mkia wa sentensi iliyopita, au sauti inakwenda huku picha imeganda.

Namba za `crop` ndizo zinazogeuza picha pana kuwa ya wima. Kati ya nukta 1920 za upana unabakiza 608, hata theluthi haifiki. Ile 656 inakata katikati kabisa. Mhadhiri wangu alikuwa anatembea, kwa hiyo nililazimika kuibadilisha klipu hadi klipu, la sivyo unabaki na ukuta unaozungumza. Grafu yake ya oksijeni haikutosha humo hata kidogo. Niliandika namba moja tu, 3, kwa herufi kubwa juu ya picha. Manukuu nayo niliyaandika kwa mkono, maana ndani ya matatu wengi hutazama bila sauti, na tarakimu zote nikazihakiki mara mbili.

Klipu ambayo ingekuwa bora kuliko zote sikuitoa. Mama mmoja kutoka safu ya nyuma aliuliza swali zuri ajabu, na majibu yalikuwa ya dakika moja kamili. Lakini hakuwa na maikrofoni, kwenye rekodi inasikika mvumo wa feni tu, na mimi sikumbuki maneno yake. Wahadhiri wetu, tafadhalini: mkiulizwa swali, lirudieni kwenye maikrofoni kabla ya kujibu.