Mirunda Ikae Siku Ngapi?

Kuna ugomvi unaojirudia karibu kila saiti ya ghorofa. Slabu imemwagwa Jumamosi. Jumapili ya wiki inayofuata fundi anapiga simu: "Bosi, zege limeshakamata, nifungue mbao?" Fundi ana saiti nyingine inayozisubiri mbao hizohizo, na mwenye nyumba analipia mirunda ya kukodi kwa siku. Wote wawili wana sababu ya kutaka jibu liwe ndiyo, na hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa kuwa zege lililokamata bado halijakomaa. Zege hukamata kwa saa chache hata ukalikanyaga bila kuacha alama ya kiatu. Kukomaa, yaani kupata nguvu ya kujibeba na kubeba watu, ni kazi ya majuma.

Tuanze na uzito wenyewe. Chukua sebule ya mita 4 kwa 4.5, slabu ya unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 2.7 za zege, na mita moja ya ujazo, pamoja na nondo zake, ina uzito wa takriban tani 2.5. Juu ya sebule hiyo moja kumelala karibu tani 7, au kilo 375 kwa kila mita ya mraba. Siku ya kumwaga ongeza mbao zenyewe, watu, toroli na kichungu cha zege kilichomwagwa mahali pamoja kabla ya kusambazwa: mhandisi hukadiria kilo 200 zaidi. Kama mirunda imesimamishwa kila baada ya mita moja, kila mmoja unabeba kilo 575 hivi. Ndiyo maana mrunda uliounganishwa kwa misumari, au uliosimama juu ya udongo mtupu bila kipande cha ubao chini yake, ni wa kukataa mapema. Mvua ikinyesha usiku, udongo unalainika, mrunda unazama sentimita mbili, na slabu inakauka ikiwa na bonde ambalo hakuna plasta itakayolificha.

Sasa swali la siku. Mwongozo ambao wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamesomea ni ule wa Kiingereza wa BS 8110, na jambo lake la maana kuliko yote ni kwamba hautoi jibu moja. Kwa hali ya hewa ya nyuzi 16 kwenda juu, mbao za pembeni mwa nguzo na bimu zinaweza kutoka baada ya saa 12. Mbao zinazogusa tumbo la slabu, siku 4. Mirunda inayoshika slabu, siku 10. Mirunda inayoshika bimu, siku 14. Mafundi wengi huchanganya ile 4 na ile 10. Wamesikia kwamba mbao hutolewa siku ya nne, wakatoa na mirunda siku hiyohiyo.

Kutoa mbao huku mirunda ikibaki bila kuguswa kunawezekana, lakini lazima kupangwe tangu siku ya kugonga mbao. Juu ya kila mstari wa mirunda fundi huweka utepe mwembamba wa ubao, upana wa sentimita 15 hivi, uliotengana na mbao pana za katikati. Ikifika siku ya kufungua, zile pana zinashushwa na kupelekwa saiti ya pili, na utepe unabaki umebanwa kati ya mrunda na zege. Fundi aliyepanga hivyo anapata sehemu kubwa ya mbao zake mapema na hana sababu ya kugombana na mtu. Aliyegonga mbao moja kwa moja juu ya mirunda yote hawezi kutoa ubao bila kuushusha mrunda.

Atakwambia, basi, "tutatoa na kurudisha palepale." Hili lafaa kueleweka vizuri. Mrunda ukishatoka, hata kwa dakika tano, slabu imejibeba yenyewe na imeshuka kidogo. Ukiurudisha, haubebi tena ule uzito wa mwanzo. Utasaidia tu uzito utakaoongezeka baadaye. Kwa hiyo kama zege lilikuwa changa mno, madhara yametokea katika dakika hizo tano, na mrunda uliorudishwa unatuliza macho tu. Kuna na kosa la upande wa pili: fundi anaurudisha kwa kupigilia kabari kwa nyundo nzito mpaka slabu inasukumwa juu. Katikati ya chumba nondo kuu ziko chini, si juu, na slabu inayosukumwa juu hupasuka upande wake wa juu, mahali pasipo na chuma cha kuizuia. Mrunda wa kurudishia hubanwa kwa kabari mpaka ukamatike mkononi, basi.

Siku 10 za mwongozo zina masharti mawili ambayo hapa kwetu hayatimii kila mara. La kwanza ni saruji. Takwimu hizo ni za saruji ya Potilandi isiyochanganywa sana, ile ambayo mfuko wake umeandikwa CEM I. Saruji nyingi madukani zimeandikwa CEM II au CEM IV na namba 32.5N. Zina mchanganyiko wa mawe ya chokaa au majivu ya volkano. Si saruji mbaya, na zile zenye majivu ya volkano huendelea kuongeza nguvu kwa muda mrefu, lakini mwanzoni huenda polepole. Kwa viwango vya Ulaya, ambavyo maandishi hayo yanatokana navyo, saruji ya 42.5N lazima ioneshe nguvu ya kutosha ikiwa na siku mbili. Ile ya 32.5N haipimwi kabisa kabla ya siku ya saba. Mimi nikijengewa kwa 32.5N bila vipimo vya maabara, nasubiri siku 14 kwa slabu ya kawaida na 21 kwa bimu, na sioni haya kuitwa mwoga. Wahindi, katika kiwango chao cha IS 456, wanafikia siku hizohizo kwa njia nyingine, kwa kutazama urefu wa nafasi: slabu isiyozidi mita 4.5 siku 7, inayozidi hapo 14, na bimu inayozidi mita 6 siku 21, tena kwa saruji ya kawaida.

Sharti la pili ni joto na maji. Dar es Salaam na Mombasa hakuna shida ya baridi, lakini Njombe au Makete mwezi wa Julai hali ni nyingine. Mwongozo una hesabu yake: chukua wastani wa joto la usiku na mchana, ongeza 10, kisha gawanya 250 kwa jumla hiyo. Wastani ukiwa nyuzi 12, unapata 250 kugawanya kwa 22, yaani siku 11 na kitu, sema 12, na hiyo bado ni kwa CEM I. Pwani, adui ni jua. Saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji. Zege likikauka siku ya tatu, ukuaji wake unasimama hapo, na siku zinazofuata ukutani kwenye kalenda hazihesabiki. Slabu iliyozungushiwa kituta cha udongo na kujazwa maji kwa juma zima, na slabu iliyorushiwa ndoo mbili asubuhi, hazina umri mmoja hata kama zilimwagwa saa moja.

Ndiyo maana njia ya uhakika si kalenda. Siku ya kumwaga, zege lilelile linajazwa katika vyuma vya mchemraba vya sentimita 15, na michemraba hiyo inawekwa juu ya slabu, chini ya magunia yaleyale yenye maji, ipate jua na baridi ileile. Kabla ya kufungua, miwili au mitatu inapelekwa maabara kuvunjwa. Mwongozo unataka angalau nyutoni 10 kwa milimita ya mraba, karibu kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba, au mara mbili ya mkazo ambao zege litapata mirunda ikitoka, lolote lililo kubwa. Kugonga kwa nyundo na kusikiliza mlio hakutoshi: uso wa zege hukauka na kulia vizuri huku tumbo bado ni changa.

Yote hayo ni kwa slabu inayojibeba yenyewe tu. Ukitaka kumwaga nyingine juu yake, hesabu inabadilika. Turudi kwenye sebule yetu, mwenye nyumba akitaka paa lake nalo liwe la zege. Mirunda ya slabu ya juu inasimama juu ya slabu ya chini, na kila mita ya mraba inashusha zile kilo 575. Slabu ya chini ilisanifiwa kubeba, zaidi ya uzito wake, watu na samani wa kilo 150 hivi, na vigae, plasta na kuta nyepesi za kama kilo 200. Jumla 350. Hata ikiwa na siku 28 kamili, inatwishwa mzigo ambao haikusanifiwa kuubeba, na kinachoizuia kuanguka ni akiba ya usalama ambayo haikuwekwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mirunda ya chini ibaki, au irudishwe kabla ya kumwaga juu, kila mmoja wima chini ya mwenzake, mpaka slabu ya juu nayo imalize siku zake. Machi 2, 1973, huko Virginia, Marekani, jengo la Skyline Plaza lilikuwa likimwagwa ghorofa ya 24. Wachunguzi walikuta kwamba mirunda chini ya ghorofa ya 23 ilikuwa imetolewa kabla ya zege lake kuwa na nguvu ya kutosha. Slabu ilitoboka kwenye nguzo, ikaangukia ya chini yake, nayo ikaangukia nyingine, mpaka chini. Walikufa wafanyakazi 14.

Siku ya kufungua ikifika, funga uzi chini ya slabu toka ukuta hadi ukuta na upime pengo katikati. Anza kulegeza kabari katikati ya chumba, nusu kwanza, kisha elekea kutani. Kibaraza kinachoning'inia bila nguzo mbele hulegezwa kinyume: anza kwenye ncha, malizia ukutani, kwa sababu ukianza ukutani mirunda ya nchani inabaki imekinyanyua, na chuma chake kiko juu, hakikupangwa kushikwa hivyo. Slabu nzima ya sebule itashuka milimita chache na kutulia. Kabari za jirani zikianza kubana badala ya kulegea, au mirunda ikalia, au uzi ukaonesha slabu inaendelea kushuka dakika kumi baadaye, pigilia kabari ulizolegeza zirudi zilipokuwa, ondoa watu chini, na umwite mhandisi kabla ya kugusa mrunda mwingine.