Uza Opsheni, Dalali Azuie Fedha Zako

Katika soko la hisa la Marekani, anayeuza opsheni hulipwa papo hapo, lakini akitazama akaunti yake hukuta uwezo wake wa kununua umepungua. Dalali amezuia dhamana. Amezuia kiasi gani hutegemea kama hasara yako ina ukomo.

Tuchukue hisa ya dola 100. Umemuuzia mtu haki ya kukuuzia hisa 100 kwa dola 95 kila moja, naye amekulipa dola 2 kwa hisa, yaani 200. Hukununua kinga yoyote, ndiyo maana opsheni kama hii huitwa uchi. Hisa ikifa kabisa, unapoteza dola 9,300.

Dalali hazuii zote hizo. Kanuni ya kawaida huchukua asilimia 20 ya bei ya hisa, ambayo ni dola 20, na kutoa dola 5 ambazo bei bado haijashuka kufikia 95. Zinabaki 15. Anaongeza bei ya opsheni yenyewe, 2, ikawa 17, au dola 1,700 kwa hisa 100. Kwa kuwa 200 ulilipwa na mnunuzi, mfukoni mwako zinazuiwa 1,500. (Kuna kima cha chini pia, ila hapa hakifikiwi.)

Sasa nunua kinga: haki ya kuuza hisa hizohizo kwa dola 90, uilipie senti 80 kwa hisa. Umebakiwa na dola 120. Bei ianguke itakavyo, pengo kati ya 95 na 90 ni dola 5, yaani 500. Toa 120, zinazuiwa 380. Asilimia 20 haina kazi tena, kwa sababu hasara kubwa kabisa inajulikana tangu mwanzo.

Tofauti huonekana soko likichafuka. Tuseme hisa imeshuka hadi 90 na ile opsheni ya 95 sasa inauzwa dola 7.50. Asilimia 20 ya 90 ni 18, hakuna cha kupunguza tena, ongeza 7.50, inakuwa 2,550. Ukitoa zile 200, makato yamepanda kutoka 1,500 hadi 2,350, nawe hujafanya lolote. Akaunti ikikosa fedha hizo, dalali hudai nyongeza, na anaweza kufunga biashara yako kwa bei atakayoikuta. Wenye kinga bado wamezuiwa 380 zilezile.

Wengi hudhani hapo wamemaliza. Lakini siku ya mwisho hisa ikifunga dola 92, kinga ya 90 hufa bila thamani, na wewe unalazimika kununua hisa 100 kwa 9,500. Jumatatu ikifunguka kwa 80, hasara haina tena ukomo wa 380. Kwa hiyo madalali wengi huwataka wateja wafunge jozi hiyo kabla soko halijafungwa, au huifunga wenyewe.